Boksi la dawa kutoka Maskati: kulitafsiri bila kugusa namba

Ukishajulikana kwenye ukoo kwamba unasoma Kiarabu, hata kama ni kile cha chuoni kwa maalimu tu, basi jiandae, ndugu yoyote akiwa Omani au Dubai au Doha akapewa dawa hospitali, picha ya boksi inakuja kwenye simu yako na neno moja tu, "nisomee". Na wewe unasoma haraka haraka uko kwenye daladala, unarudisha voisi ya sekunde 20, mambo yameisha. Humo kwenye sekunde 20 ndo vitu vinapoharibikia, na mara nyingi maneno unakuwa umeyapatia vizuri kabisa, kinachopotea ni namba, au namba ipo lakini imeachana na kipimo chake.

Nitachukua boksi moja tu tulifuate mpaka mwisho. Mama mmoja kaenda Maskati kumtembelea shangazi yake, kaenda na mtoto wa miaka 5, mtoto kaumwa sikio, daktari kaandika antibayotiki ya maji, ile ya amoksilini pamoja na asidi ya klavulaniki ambayo inakuja kama unga kwenye chupa ya glasi halafu unachanganywa na maji. Shangazi anajua Kiarabu ila yuko kazini mpaka jioni. Mama kapiga picha mbili, moja ya uso wa boksi na moja ya stika ndogo aliyobandika mfamasia, kazituma kwa binamu yake Tanga.

Uso wa boksi hauna shida sana kwa sababu dawa nyingi za kule zina lugha mbili, upande mmoja Kiarabu upande mwingine Kiingereza, kwa hiyo jibu la kwanza la binamu likawa sio tafsiri, akamwambia "dada zungusha boksi, nipige pande zote, na mgongo, na juu kwenye mfuniko". Mtu anapiga upande aliouona kwanza, na mara nyingine namba inayokusumbua dakika kumi kwenye Kiarabu chenye ukungu iko safi kabisa ubavu wa pili. Ila stika ya mfamasia haina upande wa pili. Stika ilisema hivi:

٥ مل كل ١٢ ساعة لمدة ٧ أيام

Hizo namba wengi waliosoma chuoni wanazijua hata kama hawajui kwamba wanazijua, ndo zile zile za kwenye vile viduara vya mwisho wa aya kwenye msahafu. Shida ni kwa ambaye hajazizoea, au amezizoea lakini picha imetikisika. Tano yao ٥ ni duara, inafanana na sifuri yetu. Sifuri yao ٠ ni nukta, inafanana na alama yetu ya desimali. Sita yao ٦ inafanana na saba yetu. Saba ni ٧, kama herufi V, nane ni ٨, hiyo hiyo imepinduliwa. Mbili ٢ na tatu ٣ zinatofautiana jino moja tu hapo juu, picha ikiwa na ukungu jino linapotea. Sasa chukua ٢٥٠, ambayo ni 250, mtu asiyezijua anaona mbili, duara, halafu kinukta, na anaapa kabisa kwamba ni 20. Na ukikutana na ٢٫٥, yani mbili na nusu, hapo ndo uangalie mara mbili, kwa sababu kile kimkia cha desimali kinakaa chini kabisa kwenye mstari wakati nukta ya sifuri inaelea katikati, na mtu asipotofautisha anasoma 205, au mbaya zaidi anaruka kimkia chenyewe anasoma 25. 205 kila mtu atashtuka, hakuna mtoto anayenyweshwa mililita 205 za antibiotiki kwa mpigo. 25 mtu hashtuki, na hapo mtoto kashapewa mara kumi ya alichoandikiwa.

Halafu mwelekeo. Kiarabu kinaanzia kulia, hilo kila mtu anajua, ila namba yenyewe ndani yake inasomwa kutoka kushoto kama zetu, ١٢ ni kumi na mbili sio ishirini na moja. Kwa hiyo mstari unaanzia kulia na ٥ مل, mililita 5, halafu kila masaa 12, halafu kwa muda wa siku 7. Mtu anayebahatisha, ambaye anatambua namba lakini hasomi maneno, macho yake yanaanzia kushoto, anakutana na 7 kwanza, halafu 12, halafu 5, na anaunganisha kama alivyozoea kwenye bahasha za dawa za nyumbani: mililita 7 kila masaa 12 kwa siku 5. Inasikika sawa kabisa. Hamna kitu cha kumshtua.

Kuna kahesabu ka kujihakikishia ambako nakapenda kwenye dawa za maji. Chupa ile imeandikwa 70 ml. Mililita 5 mara mbili kwa siku ni 10, kwa siku 7 ni 70, na chupa ni ya 70, kwa hiyo umesoma vizuri. Kama ungesoma "mara tatu kwa siku" ungehitaji mililita 105, chupa ingeisha siku ya tano, hapo unajua kuna mahali umekosea au kuna chupa ya pili hawajakupiga picha. Kama ile saba ungeisoma nane ungehitaji 80, pia haitoshi. Lakini angalia yule aliyesoma kinyume: 7 mara mbili ni 14, kwa siku 5 ni 70. Inatoka vile vile! Kwa hiyo hesabu hii inaweza kukwambia kwamba umekosea lakini haiwezi kukwambia kwamba umepatia, na mara nyingi chupa inabaki na dawa ya ziada maana viwanda havijui mtoto wako ni wa kilo ngapi, kwa hiyo ikibaki usianze kuongeza siku ili iishe. Kinachookoa kwenye kosa la mwelekeo ni kuangalia neno lililogandana na namba, yani ٧ imekaa na أيام ambayo ni siku, ٥ imekaa na مل ambayo ni mililita, namba na jirani yake vinatembea pamoja na wewe usivitenganishe hata ukiwa unapanga sentensi yako upya.

Kuhusu jirani huyo. Mililita kwa Kiarabu kifupi ni مل na miligramu ni ملغ au ملجم. Herufi mbili za mwanzo ni zile zile, na kwa kuwa mstari unaishia kushoto, picha ikikatwa kidogo upande wa kushoto herufi ya mwisho inaondoka na miligramu inageuka mililita mbele ya macho yako. Na sisi wenyewe kwenye Kiswahili cha mdomo tunalo tatizo kama hilo, kwa sababu watu hawasemi mililita wala miligramu, wanasema "mili". Voisi inakuja "mpe mili tano", mili ya nini? Ya ujazo au ya uzito wa dawa? Ndo maana mimi kwa dawa situmi voisi, naandika, na naandika ml na mg kama zilivyo kwenye boksi, sizifasiri, kwa sababu hata sirinji atakayoshika mama mkononi imeandikwa ml na atakachofanya ni kulinganisha alama na alama.

Na usigeuze ml kuwa kijiko. Najua mazoea yetu, mililita 5 tunasema kijiko cha chai, lakini kijiko cha chai cha nyumba hii sio cha nyumba ile, vingine vinabeba 3, vingine 6 au 7, na aliyesikia "kijiko" peke yake anaweza kuchukua cha kulia wali. Kama boksini kuna sirinji au kikombe cha kupimia mwambie atumie hicho, kama hamna famasi wanatoa sirinji isiyo na sindano, aombe.

Turudi uso wa boksi, pale mbele pameandikwa 457 mg/5 ml. Wengi wanaitafsiri "dawa ya miligramu 457" na wanaishia hapo, ile mkwaju 5 ml wanaiona kama pambo. Sio pambo. Maana yake ndani ya kila mililita 5 kuna miligramu 457, na hizo 457 zenyewe ni jumla, 400 za amoksilini na 57 za asidi ya klavulaniki, ubavuni wameandika vipande vyote viwili. Mtu akiandika "amoksilini 457 mg" kashatia namba mpya ambayo haipo kwenye boksi. Wenzake wa familia hiyo hiyo ya dawa wana namba zinazochosha zaidi, kuna ya 228.5 ambayo ndani ni 200 na 28.5, kuna ya 156.25 ambayo ni 125 na 31.25, na mkono unawasha kuzikata ziwe namba nzima zisomeke vizuri. Ziache na desimali zake. Mfamasia wa kwetu akiona 156.25 anajua mara moja ni chupa gani, akiona 156 atajua pia pengine, akiona 160 hatajua unaongelea nini.

Kwa nini nang'ang'ania hiyo 457 mg/5 ml iandikwe nzima? Chukulia mama karudi Tanga siku ya nne, chupa imevunjika kwenye begi, kaenda duka la dawa kaomba ile ile, kapewa chupa ya jina lile lile lakini ni ya 228.5 mg/5 ml. Jina sawa, rangi ya boksi karibu sawa, unga ule ule mweupe, na yeye anakumbuka "mililita 5 kila masaa 12". Mililita 5 za chupa hii zina nusu tu ya dawa ya kule. Kama tafsiri yako ilibeba 5 ml peke yake mtoto atamaliza dozi kwa nusu kipimo na hakuna atakayejua, lakini kama ilibeba 457 mg/5 ml mfamasia ataiona na yeye ndo atapanga upya. Wewe usipange. Hata ukiwa mzuri wa hesabu, kazi yako ni kufikisha namba kama ulivyozikuta, kama kuna kugawa au kuzidisha afanye mwenye taaluma yake akiwa na kilo za mtoto mbele yake.

Hapo hapo kuna utata wa mililita tatu tofauti kwenye boksi moja. Kuna ujazo wa chupa ikishachanganywa, 70 ml. Kuna maji ya kuongeza kwenye unga, ambayo ni pungufu ya hapo kwa sababu unga nao unachukua nafasi, na kila kiwanda kina namba yake kwa hiyo usikariri ya boksi lingine. Na kuna ya kunywesha, 5 ml. Zote zinaitwa ml. Ukituma orodha ya namba tupu mtu anaweza kumimina maji mililita 70 akajaza chupa mpaka shingoni na dawa yote ikawa nyepesi. Kila namba iende na kazi yake: hii ya kuchanganyia, hii ya kunywesha, hii ndo chupa nzima.

Sasa masaa. Hapa sisi tuna mtego wetu wenyewe ambao Mwarabu wala Mzungu hana. Stika imesema kila masaa 12, mtu anaandika "kila saa 12". Kwetu saa 12 ni saa 12, asubuhi jua linachomoza na jioni linazama, na kwa bahati tu huyu akinywesha saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kapatia kabisa! Lakini dawa ingekuwa ya kila masaa 8, "kila saa 8" kuna atakayenywesha saa 8 mchana na saa 8 usiku akalala, mara mbili badala ya mara tatu. Andika "kila baada ya masaa 8", refusha tu sentensi. Na ukikuta stika imeandika saa yenyewe, mfano 8:00, usiibadilishe iwe 2 ukadhani unamsaidia, andika 8:00 kama ilivyo halafu pembeni kwa maneno "yani saa mbili asubuhi", ili akilinganisha na stika aone kitu kile kile.

Na zile alama zetu za bahasha, 1x3, 2x3, hizi usizitumie kabisa kwenye tafsiri. Kwetu 2x3 ni vidonge viwili kutwa mara tatu. Kuna nchi, Ujerumani ni mojawapo, ambako kinachotangulia ni mara ngapi, kwa hiyo 2x3 hapo ni mara mbili, kila mara vidonge vitatu. Jumla ya siku ni sita kote kote na ndo maana hakuna anayegundua, lakini kumeza viwili na kumeza vitatu kwa mpigo sio kitu kimoja. Ukiikuta kwenye picha inakili ilivyo, halafu muulize mwenye boksi mfamasia alimwambiaje kwa mdomo.

Maonyo nitapita haraka isipokuwa moja. Tikisa chupa kabla ya kutumia, weka mbali na watoto, usitumie kama una aleji ya penisilini (hili liweke juu kabisa kwenye ujumbe wako, sio mwisho, kwa sababu ndo linaamua kama mengine yanasomwa), haya yanajulikana. Lile moja ni kikatazo. Kiarabu kinakataza kwa neno dogo la herufi mbili, لا, linalokaa mwanzo wa sentensi, na mwanzo wa sentensi ni ukingo wa kulia wa boksi, palepale ambapo kidole cha anayepiga picha kimeshika. Sentensi "لا يُجمَّد", isigandishwe, kidole kikifunika لا inabaki "igandishwe", na dawa inaingia friza. Kwa hiyo ukiona ukingo wa kulia umekatwa usitafsiri onyo lolote la upande huo, omba picha nyingine. Na ukiona onyo linaloamuru kitu cha ajabu, kama kuanika dawa juani, hilo limekatwa kichwa.

Tumalizie na tarehe, maana huku ndo watu wanaona rahisi. Juu ya mfuniko imechapwa MFG 04/2025, chini yake EXP 03/2027, na pembeni kuna LOT na tarakimu nyingi ambayo ni namba ya toleo tu, sio tarehe hata kama inafanana. MFG ni lini imetengenezwa. EXP ni lini inaekspaya, na ikiwa ni mwezi na mwaka bila siku, kawaida inahesabiwa mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Lakini kwenye tafsiri usiandike "31 Machi 2027", kwa sababu boksi halina 31, andika 03/2027 na useme yani Machi 2027. Tarehe zikiwa zimeandikwa kwa mkono kwa namba za Kiarabu zinaanzia kulia, siku, mwezi, mwaka, macho yetu yanaona mwaka kwanza. Mara nyingine zimegongwa tu kwenye karatasi bila wino, fleshi ikizipiga zinafutika zote, mwambie azime fleshi alaze boksi mshazari dirishani, vivuli vitazionyesha.

Ila kwenye dawa hii EXP sio tarehe ya mwisho inayomhusu mama. Hiyo ni ya unga mkavu kwenye chupa iliyofungwa. Ukishachanganywa na maji ile asidi ya klavulaniki inaanza kuvunjika, kwa hiyo boksi lina mstari mwingine, mdogo, unaosema iwekwe kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8 na itumike ndani ya siku 7. Kwa Kiarabu hiyo 2 mpaka 8 unaweza kuiona kama 8 mpaka 2 kwa sababu ya mwelekeo, ni ile ile. Mtu ukimpa "EXP 03/2027" peke yake ataweka chupa iliyobaki kwenye friji akisubiri sikio liume tena mwezi wa sita.

Kwa hiyo ujumbe aliourudisha binamu, ambao mimi naona umekaa vizuri, ulikuwa hivi:

Dada, kwanza: usimpe kama ana aleji ya penisilini.
Dawa: amoksilini na asidi ya klavulaniki, 457 mg/5 ml.
Kunywesha: 5 ml kila baada ya masaa 12, kwa siku 7. Pima kwa sirinji.
Chupa ikishachanganywa: 70 ml. Tikisa kila mara.
Friji 2–8 °C, isigandishwe. Ikishachanganywa mwisho siku 7.
Unga mkavu: EXP 03/2027.
Maji ya kuchanganyia: namba haisomeki kwenye picha, sijaandika. Nani alichanganya, na lini?

Mstari wa mwisho ndo wenye kazi kubwa kuliko yote. Ile siku 7 inahesabiwa kutoka siku ya kuchanganya, na hiyo siku haijachapwa popote kwenye boksi, inaandikwa kwa kalamu kwenye chupa, ikiandikwa. Mama akajibu kwamba aliyechanganya ni mfamasia, Jumatatu jioni mbele yake. Basi chupa hiyo itatupwa Jumatatu inayofuata jioni, na dozi ya kumi na nne itakuwa imeshanyweshwa asubuhi yake.